Futi ya Ndama

Mume wangu alikuwa mfupi. Nalisema mapema ili tusisumbuane baadaye. Tuliishi katika laini ya wafanyakazi wa shamba la mzungu mmoja juu ya Molo, na milango ya nyumba zile ilikuwa ya chini hata mbuzi mwenye pembe alisita kabla ya kuingia. Wanaume wote wa laini walikuwa na kovu la paji la uso. Mume wangu peke yake aliingia na kutoka kichwa juu, kofia ikiwa palepale. Watu walimtania kwamba Mungu alipofika kwake udongo ulikuwa umepunguka. Alicheka nao, na wala hakuwa anajikaza. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa mshahara wake, ambao nao ulikuwa mfupi.

Kazi yake ilikuwa ndama. Mimi nilichuma maua ya pareto, kazi ya kuinama kutwa nzima katika baridi inayokufanya usivihisi vidole vyako mpaka saa nne, lakini yeye alifanya kazi bandani, kwenye joto, na ndama walilishwa vizuri kuliko sisi. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu niliona. Kila Jumamosi alitoa mfukoni futi ya kitambaa, akaizungusha kifuani mwa kila ndama nyuma ya miguu ya mbele, akasoma, akaandika kwenye daftari. Ndama akikaa wiki mbili bila kuongezeka, mzungu aliuliza kwa nini, na mtu akatafutiwa makosa.

Binti yetu wa kwanza alipoweza kukaa peke yake bila kuegemezwa, na jino la chini likaanza kuchungulia, tulijua wakati wa kumwonjesha chakula umefika. Siku hizi kliniki huhesabu miezi sita. Sisi tulihesabu kwa makalio na jino, na hesabu ilitoka karibu ileile. Siku hiyo mume wangu alikuja nyumbani na futi ameificha chini ya koti kama mwizi wa kuku. Akamlaza mtoto kitandani, akamnyoosha miguu, akampima toka utosini hadi kisiginoni. Kisha akaenda kwenye mwimo wa mlango, akapima kutoka sakafuni, akachora alama kwa kisu.

"Ndama jike," akatangaza. "Afya nzuri. Kelele nyingi, kama za mama yake."

Nilimtupia mwiko. Haukumpata, alikuwa mfupi.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wangu alifika kutoka nyumbani ili akae na mtoto mimi nikienda pareto. Alikuja na kikapu, kuku wawili wa kutaga, kibuyu cha samli ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kwa kuwa ni cha magoti yake, na sheria. Sheria ya kwanza: uji wa mtoto uwe mwepesi, utiririke. Ya pili: mtoto hali yai, maana atachelewa kusema. Ya tatu: maharagwe ni ya watu wenye meno, na nyama ni ya watu wenye ndevu. Nilikuwa mkwe mpya mwenye mtoto mmoja. Yeye alikuwa amezaa saba. Nilifunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Na huo uji! Kijiko kimoja cha unga wa posho, sufuria nzima ya maji. Ungeweza kuona maua yaliyochorwa chini ya kikombe. Mtoto alikunywa vikombe vitatu mfululizo, tumbo likawa kama ngoma, na mama mkwe akalipiga kwa vidole viwili likalia, tum, tum.

"Unasikia? Hii imeshiba," alisema. "Mtoto yangu wote nililea na hii uji."

Kama uji haukutosha, kulikuwa na maziwa ya separeta. Hayo ndiyo yaliyobaki mashine ikishatoa malai yote kwenda kutengeneza siagi ya watu wengine. Meupe yenye rangi ya buluu kidogo, na tulipewa pamoja na nguruwe. Mtoto alipata yake. Usiku alininyonya mpaka nikaisha.

Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Kwetu mtoto mchanga alifungwa kiunoni uzi wenye shanga, si kwa urembo tu. Mtoto akinenepa uzi hubana, ukaongeza. Na mama anayeongeza uzi mara kwa mara hutembea laini nzima akilalamika kuhusu bei ya shanga ili watu wajue. Mke wa dereva wa trekta, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa na mtoto wa umri uleule, na malalamiko yake yalinichosha masikio. Uzi wa binti yangu ulikuwa uleule. Ulizunguka kiunoni kwa raha zake. Lile tumbo la ngoma lilivimba baada ya uji na kupungua baada ya kukojoa.

Nilianza kuogopa. Sikuwa na neno la kuuita woga wangu, maana mtoto hakuwa mgonjwa, hakuhara, alicheka. Ila alikuwa hakui, na nilimwona hakui, kama unavyoona saa iliyosimama.

Jumamosi moja nilimpelekea mume wangu chakula bandani. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akimfokea mlishaji mpya, mtu mzima mwenye masharubu, aliyekuwa ameongeza maji kwenye ndoo za ndama ili zimtoshe mapema aende zake.

"Unafikiri tumbo ikijaa ndio ndama imekula?" alipiga kelele, ameinua kidevu ili amfikie yule bwana machoni. "Hiyo ni maji! Ndama ikijazwa maji, tumbo inavimba na mifupa inabaki palepale! Weka unga! Koroga iwe nzito! Mzungu akipima utamwambia nini?"

Nikaweka chakula chini. Nikamtazama. Naye akanitazama, akakatiza neno, na nikaona naye amekumbuka uji wa binti yetu.

Jioni alileta futi. Safari hii hakuna aliyetania. Alimlaza mtoto, akapima, akaenda mlangoni. Kati ya alama ya kwanza na hii mpya paliingia upana wa kidole changu kimoja. Mke wa dereva wa trekta alituazima mtoto wake apimwe, akifurahi kupata nafasi ya kujivuna. Miezi mitatu nyuma, tukiwalaza pamoja, watoto walikuwa sawa; sasa wake alikuwa ameipita alama ya kwanza kwa vidole vitatu. Mama mkwe alikuwa ameketi jikoni akikoroga. Hakugeuka.

"Watu wetu ni wafupi," alisema. "Ni damu."

"Mama," mume wangu akasema, "hata ndama ya ng'ombe mfupi inakua."

Alhamisi nesi alikuja kutoka Nakuru, kama alivyofanya kila baada ya wiki mbili, akaweka mizani yake kwenye chumba cha kanisa pale mjini Molo. Nilimfunga mtoto mgongoni. Mama mkwe akajifunga leso, akasema naye anakuja, kwa kuwa hawezi kusemwa akiwa hayupo. Alibeba chupa ya uji wake kama ushahidi.

Nesi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru, na alicheka kabla ya kukugombeza, hivyo ulikuwa umeshafungua mdomo kucheka naye ndipo karipio likakuangukia. Alimpima mtoto uzito, akampima urefu ubaoni, akaguna. Akaomba uji. Akaumimina kwenye bakuli, akachota kijiko, akakiinamisha. Uji wote ukakimbia, kijiko kikabaki safi kana kwamba kimeoshwa.

"Hiki ni kinywaji," alisema. "Na mtoto kinywaji anacho, ni titi la mama yake. Endelea kumnyonyesha, usiache hata akitimiza mwaka, hata miwili. Lakini tangu miezi sita titi peke yake halimtoshi. Chakula ni kile kinachokaa kijikoni ukikiinamisha. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

Akanionyesha kwa vyombo vyake. Uji mzito, na ndani yake kila mara kitu cha kujenga mwili: maharagwe yaliyoiva sana, yakapondwa na kutolewa maganda, yai lililochemshwa likakauka, kipande cha ini kilichokunwa, samaki aliyetolewa miiba yote. Viazi vya kwetu Molo, ambavyo vilikuwa vimejaa mpaka kwenye viatu, nivipondeponde na maziwa, lakini yasiwe ya separeta. "Hayo yametolewa mafuta. Mtoto anakua kwa hayo mafuta!" Majani ya malenge yaliyokatwakatwa. Ndizi mbivu zinazopanda na lori kutoka Nakuru. Nilipaswa kuanza na vijiko viwili vitatu alipoanza kukaa, alisema, na kuzidisha polepole. Sasa, akiwa na miezi tisa, apate nusu kikombe mara tatu kwa siku, na kitu kidogo katikati. Mikono ioshwe, yangu na yake.

"Yai!" Mama mkwe alikuwa amengoja amechoka. "Mtoto akila yai hatasema!"

"Wewe, mama, ulipokuwa mdogo ulipewa yai?"

"Hapana! Hata moja!"

"Ndiyo, naona," nesi akasema, akimpima urefu kwa macho toka utosini hadi kisiginoni.

Wanawake chumba kizima wakaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Mama mkwe akajitanda leso yake, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe akiwa amewapa kisogo Wakristo wote wa Molo. Kwa hiyo nusu ya pili ya somo hakuisikia, na nusu hiyo ndiyo iliyohusu hatari.

Nesi alisema: uzito wa chakula usiwe ugumu wa chakula. Kwanza kipondwe, kisha kiwe na chengachenga, baadaye vipande laini anavyoweza kushika na kuvivunja kwa ufizi. Punje nzima za mahindi, njugu, karoti mbichi, kiazi kigumu, hivyo vyote huteleza vikaziba koo. Mtoto ale ameketi wima, ametulia, na macho ya mtu mzima juu yake. "Akikabwa hasikiki," alisema. "Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Anayenyamaza, huyo ndiye." Akachukua mwanasesere wa matambara, akamlaza kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa chini kuliko kiwiliwili, taya amelishika, akampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, mara tano. "Na usitumbukize kidole kutafuta kitu usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi."

Tulirudi nyumbani. Nilitarajia vita vya mwezi mzima. Lakini kumbe mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kushindwa nusu. Siku ya tatu nilimkuta jikoni ameinamisha mwiko, anautazama uji usivyoanguka, kwa macho ya mtu anayekagua ukuta aliojenga. Yai alilichemsha mwenyewe, akaliponda huku amegeuza uso asilione. Mume wangu aliongea na msimamizi wa maziwa, tukabadilishiwa debe letu la separeta kwa kikombe kimoja cha maziwa mazima, tukawa tunayachemsha kila asubuhi. Na siku moja, bila kuombwa, mama mkwe alifungua kile kibuyu, akachota samli ya magoti, akaitia kwenye viazi vya mtoto.

"Magoti yangu yamezeeka," alisema. "Yake bado."

Mtoto alikula. Mwanzoni alitema, akapaka nywele zake, akapaka za bibi yake. Akakubali baadaye. Alipoona kijiko alipiga makofi.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini mimi nawaambia, na anayefurahi mapema hulia pia. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Niliketi mlangoni nikisuka nywele za jirani. Mume wangu alikuwa akinoa jembe. Ndani, mama mkwe alikuwa na sufuria ya mahindi na maharagwe, chakula chetu wakubwa, na mtoto alikuwa akitambaa kutoka huku kwenda kule, akisimama kwake kila mara kufungua mdomo kama kinda. Baadaye alinieleza hesabu yake, na haikuwa ya kijinga: kama uji mwepesi ni mbaya na mzito ni mzuri, basi kisichokuwa uji kabisa ni kizuri zaidi. Akamtilia mdomoni punje za mahindi. Nzima.

Nilisikia ukimya. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Mtoto alikuwa akipiga kelele kutwa nzima, akaacha. Nikageuka. Alikuwa ameketi, mdomo wazi, macho yametoka, hakuna sauti, na midomo inaanza kubadilika rangi.

Mume wangu alifika kabla yangu. Na mikono yake ikafanya ilichokijua. Ndama akikabwa na kiazi, na kule kwetu walikabwa kila msimu, mlishaji huingiza mkono kooni akakitoa. Alikuwa ameokoa wengi hivyo. Nikaona kidole chake kinaelekea mdomoni mwa binti yangu.

"Wacha!" Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. "Huyu si ndama!"

Nikamnyang'anya. Nikaketi, nikamlaza kifudifudi mkononi, mkono juu ya paja, kichwa chini, taya nimelishika. Nikapiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Moja. Mbili. Alikuwa mwepesi mno, nilihisi nitamvunja. Tatu. Ya nne ikatoka: punje moja ya mahindi, nzima, nyeupe, ikaruka na kuingia kwenye kikombe cha chai cha mke wa dereva wa trekta. Kisha mtoto akalia. Wimbo wowote mtakaoniimbia siku ya kuzikwa kwangu hautafikia kile kilio kwa utamu.

Jirani alimwaga chai yake na kuomba nyingine. Tukacheka. Jioni ile tulimpeleka kwa dresa, mhudumu wa dawa wa shamba, akamsikiliza kifua, akasema ni salama.

Mama mkwe hakucheka. Alikaa pale jikoni mikono mapajani, na tulipomrudishia mtoto, yeye alikataa kumpokea. Alisema hatamlisha tena. Nilikuwa na maneno mengi tayari, makali, nimeyapanga toka kwa dresa mpaka mlangoni. Lakini alianza yeye.

"Unajua kwa nini mimi naweka maji mingi?" aliuliza. Hakunitazama. "Huyu bwana yako alipoanza kukaa, ilikuwa mwaka wa njaa. Nilikuwa na unga kibaba moja na watoto wanne. Hakuna maharagwe. Kuku tulishakula. Nikaongeza maji, ndio kila mtu aone kikombe yake imejaa. Wakalala. Nikaona ni dawa. Njaa iliisha, mimi nikaendelea tu."

Nikayaacha maneno yangu makali, nikachukua kijiko. Nilimwonyesha kila kitu ambacho nesi alisema wakati yeye amekaa nje kwenye jiwe. Jinsi ya kuponda mahindi, jinsi ya kukaa naye, jinsi ya kupiga mgongo. Alifanya mazoezi kwenye mto wa kulalia mpaka manyoya yakatoka. Kisha nikampa kijiko, kwa sababu asubuhi pareto ilikuwa ikiningoja, na kwa sababu nilitaka awe yeye.

Uzi wa shanga ulibana kabla ya mvua kubwa. Mama mkwe ndiye aliyeukata na kuuongeza, kisha akatembea laini nzima akilalamika kuhusu bei ya shanga.

Mtoto alipotimiza mwaka na nusu, mzungu alileta futi mpya bandani na ile ya zamani ikawa yetu. Mume wangu alimsimamisha binti yake kwenye mwimo wa mlango. Kutoka alama ile ya huzuni kwenda juu, mama mkwe alihesabu vidole kwa sauti, akamaliza mkono mmoja, akaingia wa pili. Tukapiga vigelegele. Ndipo mama mkwe akageuka, akamtazama mwanawe, aliyesimama katikati ya mlango ule wa mbuzi na kofia yake kichwani.

"Na huyu," akasema polepole, "ningekuwa na maharagwe mwaka ule, angefika wapi?"

Mume wangu alitazama juu, kwenye boriti, akapima kwa macho.

"Ningekuwa na kovu hapa, mama," akasema, akijigusa paji la uso. "Kama wajinga wengine wote. Wewe ndiye uliniokoa."

Mama mkwe akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikuuliza. Tuliishi katika nyumba ile miaka mingi baada yake kutuacha. Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo mlangoni, na kilio, na tusi ambalo hakulijifunza kwangu. Alikuja ameshika paji la uso, damu kidogo kati ya vidole. Nilimkumbatia nikicheka na kulia, na hakuelewa kwa nini mama yake anashukuru.